Kufutiwa Huduma kwa Mkono wa Msaidizi: Mipaka ya Mamlaka katika Sarufi ya Idhini

Ikisiri

Mzee au mtu asiyeona anapotaka kuacha huduma inayomkata pesa kwa njia ya simu, aghalabu hulazimika kumtuma mtu mwingine. Njia iliyozoeleka ni kumkabidhi mtu huyo simu pamoja na namba ya siri, jambo ambalo humpa mamlaka yote kwa ajili ya kazi moja ndogo. Makala haya yanafafanua namna idhini yenye mipaka inavyoweza kutolewa, na yanaonyesha kwamba sehemu kubwa ya mipaka hiyo hukaa katika lugha: katika uteuzi wa kitenzi, katika upatanisho wa kisarufi, katika mnyambuliko wa kutendea na katika kiambishi cha kujirejea. Mfano mmoja wa kubuni kutoka mji wa Busia unafuatwa hatua kwa hatua, sambamba na sheria ya Uganda ya kuwalinda wasiojua kusoma na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006.

Istilahi muhimu: idhini, msaidizi, kufuta, kauli ya kutendea, upatanisho wa kisarufi

1. Mfano wenyewe

Chukulia bibi mmoja anayeishi upande wa Uganda wa mji wa Busia, mwenye umri wa miaka 74, ambaye mtoto wa jicho umemwacha na uwezo wa kutofautisha mchana na usiku tu. Anatumia kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe isiyo na sauti ya kusoma yaliyomo kwenye kioo. Lugha yake ya nyumbani ni Kisamia. Kiswahili alikipata sokoni, kwa kuuza samaki pande zote mbili za mpaka. Katika simu yake mna huduma mbili za kulipia. Ya kwanza, ambayo hapa itaitwa Dondoo za Afya, humletea ujumbe mmoja kila asubuhi na kumkata shilingi 300 za Uganda za muda wa maongezi. Hawezi kuusoma ujumbe huo, na hakumbuki aliyeuomba. Ya pili ni bima ndogo ya mazishi inayomkata shilingi 2,000 kila mwezi. Hiyo aliitaka mwenyewe, na huiulizia kila mwezi unapoisha.

Dondoo za Afya humgharimu shilingi 9,000 katika mwezi wa siku 30, mara nne na nusu ya gharama ya bima. Bibi ameamua kuiacha. Mjukuu wake, kijana anayefanya kazi ya bodaboda, ndiye huwa karibu. Bibi anampa simu, anamtajia namba ya siri, na kumwambia: “Nifutie ile huduma.” Kijana anafungua menyu, anakuta chaguo lililoandikwa “Futa huduma”, analibofya na kurudisha simu. Mwezi unaofuata bibi hakatwi shilingi 300, lakini pia hakatwi 2,000. Chaguo lile lilifuta zote mbili. Habari ya bima iliyokatika ililetwa kwa ujumbe wa maandishi, na msomaji wa ujumbe wa maandishi nyumbani humo ni mjukuu huyo huyo, ambaye aliona maneno “Umefanikiwa kufuta huduma” akasoma kwa sauti, bibi akafurahi.

Katika kisa hiki hakuna mwizi. Kijana alitenda alichotumwa, na menyu ilitenda ilichoandikiwa. Hata hivyo bibi amepoteza kitu alichokuwa amekilipia, na hajui kwamba amekipoteza. Mjadala wa kuwalinda wazee mara nyingi huelekezwa kwenye uaminifu wa msaidizi. Kisa hiki kimeteuliwa kwa sababu uaminifu umo ndani yake na bado haukutosha.

2. Ni kufuta kwa namna gani?

Kabla ya kuzungumzia nani afute, hapana budi kuuliza kinachofutwa ni nini, kwa kuwa si kila ufutaji una hatari sawa. Upo ufutaji unaozuia makato yajayo tu: pesa haitoki wala haiingii, na aliyekosea anaweza kujiunga tena kesho yake. Dondoo za Afya ni za aina hiyo. Upo ufutaji unaoondoa kinga, kama ule wa bima ya mazishi, ambapo anayejiunga upya huweza kulazimika kuanza kipindi cha kusubiri tangu mwanzo. Na upo ufutaji unaotoa pesa, kwa mfano kufunga akaunti yenye salio, au kuvunja bima ya maisha iliyokwisha kujenga thamani, ambapo mtu fulani lazima apokee kinachobaki.

Idhini nyepesi inayopendekezwa hapa inafaa aina ya kwanza peke yake. Katika aina ya tatu msaidizi ana kishawishi cha wazi, na katika aina ya pili kosa halirekebishiki kwa urahisi. Zote mbili zahitaji mwenye huduma afikiwe moja kwa moja na mtumishi wa kampuni. Kuziweka aina hizi tatu chini ya kitufe kimoja, na chini ya kitenzi kimoja, ndiko chanzo cha hasara nyingi.

Kitenzi chenyewe kina matatizo yake. Katika menyu na fomu za Kiswahili hutumika angalau vitenzi vinne kwa tendo hili: kufuta, kusitisha, kughairi na kujiondoa. Kusitisha hubeba wazo la kusimamisha, na msikilizaji ana haki ya kudhani kwamba huduma itarudi. Kufuta ni kuondoa kabisa, lakini katika simu neno hilo hilo hutumika kwa kuondoa ujumbe au picha, hivyo mtu anayeambiwa “nimefuta” huweza kuwa amefutiwa ujumbe wa huduma wala si huduma yenyewe. Kosa hilo hutambulika asubuhi inayofuata, ujumbe mwingine unapoingia.

Kughairi kunastahili maelezo zaidi. Kwa asili kitenzi hiki kinahusu nia: mtu hughairi safari aliyoazimia, na kughairi kwake ni kubadili moyo. Kwa maana hiyo hakuna awezaye kughairi kwa ajili ya mwingine, kwa kuwa moyo unaobadilika ni wa mwenyewe. Lakini katika programu za simu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, “Ghairi” ndicho kitufe cha kuachana na hatua unayoifanya wakati huo. Matokeo yake ni kwamba msaidizi anayeulizwa kwenye kioo “Una uhakika unataka kuacha huduma?” na kupewa vitufe viwili, “Endelea” na “Ghairi”, akiongozwa na maana ya kawaida ya neno atabofya “Ghairi”, na hapo atakuwa ameghairi kule kuacha. Huduma itabaki. Aliyetumwa atarudi na kusema kwa moyo safi kwamba ameighairi.

Kwa sababu hizi makala haya yanashikilia kitenzi kuacha kwa upande wa mwenye huduma na kufuta kwa upande wa anayetekeleza. Bibi anaacha, kampuni inafuta, msaidizi anapeleka. Huenda mgawanyo huo ukaonekana wa kifilolojia mno, lakini faida yake itaonekana pale idhini itakapotamkwa.

3. Nani anasema “mimi” kwenye simu?

Kujiondoa kuna kiambishi cha kujirejea, ji-. Menyu inayosema “Jiondoe” inamchukulia anayebofya kuwa ndiye anayeondoka. Mjukuu anapobofya hapo, kisarufi amesema “mimi ninajiondoa”, na kumbukumbu za kampuni zitaonyesha kwamba bibi alijiondoa mwenyewe. Msaidizi ametoweka. Ikiwa baadaye bibi atalalamika, jibu atakalopewa ni kwamba namba yake ilitumika na namba yake ya siri ilitumika. Kwa hiyo ni yeye.

Kutoweka huku kwa msaidizi ndiyo athari kubwa ya kukabidhi namba ya siri. Namba ya siri haijui kazi iliyoombewa. Inayefuta shilingi 300 yaweza kutuma shilingi 300,000, kukopa, na kubadilisha namba ya siri yenyewe. Tena haina mwisho: kazi ikiisha, kijana bado anaijua.

Katika jambo hili sheria ya zamani ya Uganda ya kuwalinda wasiojua kusoma, iliyorithiwa kutoka enzi ya ukoloni, ina hekima ambayo menyu za simu hazijaifikia. Sheria hiyo inamtaka mtu yeyote anayeandika hati kwa niaba ya asiyejua kusoma aandike juu ya hati hiyo jina lake mwenyewe kamili pamoja na anwani yake. Kwa kufanya hivyo anachukuliwa kuwa amekiri mambo matatu: kwamba alielekezwa kuandika, kwamba alichoandika kinalingana kikamilifu na maelekezo, na kwamba alimsomea na kumweleza mwenye hati. Tena, hairuhusiwi kuliandika jina la asiyejua kusoma kama saini kabla mwenyewe hajaweka alama yake. Msaidizi hafichwi; anatajwa na kuwajibishwa.

Fasili ya asiyejua kusoma katika sheria hiyo nayo ni ya kutazamwa na wanaisimu. Haimhusu tu mtu ambaye hakwenda shule. Inamhusu yeyote asiyeweza kusoma na kuelewa maandishi au lugha ambayo hati husika imeandikwa. Mwalimu mstaafu anayesoma Kiganda na Kiingereza, akipewa fomu ya Kiswahili asiyoielewa, ni asiyejua kusoma mbele ya fomu hiyo. Kwa kipimo hicho bibi wa Busia anahesabika mara mbili: hawaoni maandishi, na lugha ya maandishi si ile anayoifikiria.

Istilahi ya kumwita huyu mtu wa kati nayo haina budi kuteuliwa kwa hadhari. Wakala ndilo neno la sheria, lakini katika miji ya Afrika Mashariki wakala ni mwenye kibanda cha kuweka na kutoa pesa. Mtu akiambiwa “taja wakala wako” atataja kibanda. Mwakilishi hudokeza mamlaka mapana, kama ya mbunge. Mdhamini ni anayebeba deni la mwenzake. Mlezi na mwangalizi humgeuza bibi kuwa mtoto. Msaidizi ni neno la chini zaidi kwa cheo, na kwa kazi hii cheo cha chini ndicho kinachotakiwa.

4. Idhini inayosikika

Mkataba wa 2006, ambao Uganda iliuridhia mwaka 2008, unasema katika Ibara ya 12 kwamba watu wenye ulemavu wana uwezo wa kisheria sawa na wengine, na kwamba wapewe msaada wanaouhitaji ili kuutumia uwezo huo. Ibara hiyo inataka hatua za namna hiyo ziheshimu utashi na matakwa ya mtu, zisiwe na mgongano wa maslahi wala ushawishi usiofaa, zilingane na hali yake, na zidumu kwa muda mfupi kadiri iwezekanavyo. Ikitafsiriwa katika kisa cha shilingi 300, hukumu ni kwamba bibi ndiye anayeamua. Msaidizi anaazima macho na vidole.

Tatizo ni kwamba mtu asiyeona hupokea idhini yake mwenyewe kwa masikio. Herufi kubwa, mistari iliyokolezwa, visanduku vya kuweka alama na maelezo ya chini ya ukurasa havimfikii. Mpaka wowote usiosikika katika sentensi, kwake haupo. Hivyo ndivyo sarufi inavyogeuka kuwa chombo cha ulinzi.

Turejee kwenye maneno “Nifutie ile huduma.” Nomino huduma iko katika ngeli ya I-/ZI-, ambayo nomino zake hazibadiliki umbo kati ya umoja na wingi. Huduma ni moja, huduma ni kumi. Ndivyo ilivyo kwa akaunti, bima, namba na simu, yaani karibu msamiati wote wa biashara hii. Menyu iliyosema “Futa huduma” haikumdanganya mjukuu. Ilitumia nomino isiyo na idadi ndani ya kitenzi cha kuamuru ambacho hakina upatanisho wa kuitambulisha. Bibi kwa upande wake alikuwa amesema “ile”, akaweka umoja. Umoja huo ulipotea njiani, kati ya mdomo wake na kidole cha mjukuu.

Katika Kiswahili sanifu tiba ingekuwa rahisi: kurudisha upatanisho, ili “huduma hii inayokatwa” isichanganywe na “huduma hizi zinazokatwa”. Bahati mbaya, tiba hiyo haitoshi Busia. Katika Kiswahili kinachosemwa bara, kwa wengi ambao si lugha yao ya kwanza, upatanisho wa wingi wa ngeli hii hulegea, na umbo la umoja hutumika kwa yote: mtu husema “nyumba yangu mbili” bila kuhisi kosa. Kwa msikilizaji wa namna hiyo “huduma hii” haimhakikishii chochote kuhusu idadi. Mwandishi wa menyu aliyeko mji mkuu, aliyezoea usanifu, atadhani amebainisha umoja, kumbe amebainisha kwa wanaozungumza kama yeye peke yao. Kwa hiyo idhini lazima itaje idadi kwa neno, moja, na itaje huduma kwa jina, tena jina ambalo bibi mwenyewe hulitumia.

Kielezi tu nacho kina mahali pake. “Afute tu huduma” chaweza kuzuia tendo: afute, asifanye jingine. “Afute huduma hii tu” huzuia kinachotendwa: hii, si nyingine. Bibi anahitaji vizuizi vyote viwili, na kimoja hakimwakilishi kingine.

Sehemu ngumu zaidi ni kauli ya kutendea. Kiswahili humwingiza mwenye jambo ndani ya kitenzi chenyewe: afute, anifutie. Kiambishi -ni- pamoja na mnyambuliko wa -i- huweka wazi kwamba tendo linanihusu mimi. Lakini kauli hii haisemi kama linanihusu kwa heri au kwa shari. “Amenipikia” ni shukrani. “Amenilia chakula” ni malalamiko. “Amenifia” ni msiba. Vivyo hivyo “mjukuu amenifutia bima” yaweza kuwa maneno ya aliyetendewa hisani au ya aliyedhulumiwa, na kinachotofautisha ni sauti ya msemaji. Mtumishi wa kampuni anayeandika lalamiko kwa maneno “mteja anasema alifutiwa huduma na mjukuu” amepoteza habari iliyokuwa muhimu kuliko zote, yaani kama aliagiza. Kwa sababu hiyo idhini isianze na kutendewa. Ianze na uamuzi, kwa nafsi ya kwanza na kwa kitenzi kisichonyambuliwa, ndipo kutendewa kufuate.

Kutokana na hayo, sentensi ya bibi yaweza kuwa hivi:

“Mimi mwenye namba hii nimeamua kuacha huduma moja tu, Dondoo za Afya. Nimemtuma mjukuu wangu anifutie hiyo tu, mara moja, kabla ya Ijumaa jioni. Asipewe pesa.”

Ni herufi 158 pamoja na nafasi na alama, kwa hiyo nakala yake inaingia katika ujumbe mmoja wa maandishi wa herufi 160. Mahali pa “mjukuu wangu” patawekwa jina, kwa kuwa bibi anao wajukuu zaidi ya mmoja. Jina likizidi herufi 14 ujumbe utagawanyika mara mbili. Afadhali ugawanyike kuliko kulikata jina.

5. Siku nne za idhini hiyo

Jumanne asubuhi bibi anapiga simu ya huduma kwa wateja, au anafika dukani akiongozwa na mjukuu. Mtumishi anamthibitisha kwa maswali ya utambulisho, si kwa namba ya siri, kisha anamwomba aseme kwa maneno yake anachotaka. Sauti yake inarekodiwa. Mtumishi anaipanga sentensi iliyotajwa hapo juu na kumsomea polepole, kisha haulizi “Je, umekubali?” Swali la namna hiyo huvuta “ndiyo”, hasa kwa mzee mstaarabu anayejibu mtu wa ofisini. Anauliza maswali mawili yasiyoweza kujibiwa kwa neno hilo:

“Mama, umeamua kuacha kitu gani?”

“Ile ya kila asubuhi. Ya afya.”

“Na kitu gani kisiguswe?”

“Ya mazishi. Hiyo ibaki.”

Jibu la pili ndilo lingemwokoa bibi katika kisa cha mwanzo. Asiyeweza kutaja kisichoguswa huenda hajaelezwa kwamba kuna vitu viwili, na hapo mtumishi anapaswa kurudi nyuma na kumtajia huduma zote zinazomkata. Inawezekana sana kwamba hiyo itakuwa mara ya kwanza kwa mtu kumsomea orodha hiyo.

Baada ya hapo mjukuu anapewa msimbo kwenye simu yake mwenyewe, chini ya jina lake mwenyewe. Msimbo huo hauna uhusiano na namba ya siri ya bibi. Unafungua mlango mmoja: kioo kinamwonyesha jina la huduma na kitufe kimoja kilichoandikwa “Futa Dondoo za Afya”. Haoni salio wala orodha ya miamala, na hawezi kwa msimbo huo kujiunga na huduma nyingine. Ukishatumika unakufa, na usipotumika hadi Ijumaa jioni unakufa pia. Bibi anaweza kuufuta wakati wowote kwa sauti yake, bila kumhitaji mjukuu. Na kwa kanuni ya jumla ya sheria ya uwakala, bibi akifariki mamlaka ya aliyetumwa yanakoma naye.

Huenda msomaji akauliza: kama bibi amekwisha kuzungumza na mtumishi, kwa nini mtumishi asifute papo hapo? Pale inapowezekana na afanye hivyo. Hiyo ni njia bora kuliko zote, na msaidizi asiingizwe mahali asipohitajika. Lakini huduma nyingi za namna hii humilikiwa na kampuni ya tatu, na kuzifuta hudai hatua za kwenye kioo au fomu ya dukani ambazo mtu wa simu hana uwezo nazo. Hapo ndipo macho ya kuazima yanapohitajika.

Hatua ya mwisho ndiyo inayosahauliwa zaidi. Uthibitisho hauwezi kwenda kwa maandishi peke yake, kwa sababu msomaji wa maandishi ya bibi ni yule yule anayethibitishwa. Mfumo unaotuma ujumbe “ili mteja ajue” umemjulisha mjukuu mara mbili. Uthibitisho uende kwa sauti, kwa kupiga namba ya bibi, na utaje pande zote mbili: Dondoo za Afya zimefutwa leo; bima ya mazishi inaendelea. Bibi aambiwe tangu Jumanne kwamba simu hiyo itakuja. Hivyo kimya chenyewe kinapata maana: Jumamosi ikifika bila simu, bibi anajua kwamba mjukuu hakufuta, na hasara yake ni makato ya siku nne hadi Ijumaa, yaani shilingi 1,200. Anaweza kumuuliza kijana, au kumteua mwingine.

Simu hiyo haiwezi kuzuia kila shinikizo. Mjukuu anaweza kuwa ameketi kando, spika ikiwa wazi. Anayepiga aulize “Upo na nani hapo, mama?” na aandike jibu. Kunong'ona kabla ya jibu, jibu linalotolewa kwa maneno ya kiofisi ambayo bibi hakuyatumia Jumanne, au sauti nyingine inayojibu mahali pake, ni dalili za kutosha kuahirisha na kupiga tena saa nyingine. Rekodi ya Jumanne husaidia hapa: aliyesema “ile ya kila asubuhi” hageuki siku mbili baadaye akasema “huduma husika”.

6. Mkalimani

Limebaki jambo ambalo mfano huu umelifunika kwa kumfanya bibi azungumze Kiswahili. Katika mambo ya pesa huenda akachagua Kisamia, na mtumishi asikijue. Mara nyingi suluhisho la haraka ni kumwomba mjukuu atafsiri. Hapo mipaka yote iliyojengwa kwa kitenzi, kwa idadi na kwa “tu” mbili inategemea tena mdomo wa mtu mmoja, ambaye ndiye mpokeaji wa idhini. Akitafsiri “umeamua kuacha kitu gani?” kwa swali la Kisamia linalojibika kwa “ndiyo”, mtumishi hatatambua.

Kwa mantiki ya sheria ya Uganda, anayegeuza maneno ya asiyejua lugha ya hati yuko katika nafasi sawa na anayeyaandika: jina lake na anwani yake viwekwe kwenye kumbukumbu, na awe mtu mwingine asiye msaidizi. Busia si vigumu kumpata jirani wa sokoni anayezijua lugha zote mbili. Kilicho kigumu ni fomu yenyewe, kwani ina sehemu ya jina la mteja na sehemu ya saini ya mteja, basi. Hakuna mstari wa msaidizi, hakuna mstari wa mkalimani, na mtumishi mwangalifu anayetaka kuwaandika hulazimika kuandika pembeni, kwa kalamu, mahali ambapo mashine haisomi.